Nge kwa nge ni ya Kiswahili: namna ya kutunga sentensi za "if" za Kiingereza

Shuleni tulikaririshwa kanuni moja ya Kiswahili sanifu hadi ikatuingia damuni: nge kwa nge, ngali kwa ngali. Ukianza na "ningekuwa na hela", malizia na "ningenunua". Ukianza na "ningalijua", malizia na "nisingalikuja". Kanuni hiyo ni sahihi, na ndiyo hiyo hiyo inayotuharibia Kiingereza. Kichwa kilichozoea kuweka kiungo kimoja pande zote mbili kinaandika hivi bila wasiwasi wowote:

*If I would have money, I would buy a plot.*

Mwandishi anaisoma upya na haoni kosa, kwa sababu kwake *would* ya kwanza na *would* ya pili zimelingana kama nge na nge. Lakini Kiingereza hakilinganishi pande. Sentensi ya sharti ina upande wa sharti, ule unaobeba *if*, na upande wa matokeo. Kila upande una umbo lake la kitenzi, na *would* makao yake ni upande wa matokeo. Upande wa *if*, ukitaka kuonyesha kwamba jambo haliko au halikuwapo, unarudisha kitenzi nyuma hatua moja ya wakati. Makosa mengi ninayoyasahihisha kwa wanafunzi wangu wa jioni yanatokana na jambo hilo moja.

Kabla hatujaanza, kumbuka yale maumbo matatu ya kitenzi tuliyoyaimba darasani: *go, went, gone*, *leave, left, left*, *catch, caught, caught*. Nitayaita umbo la kwanza, la pili na la tatu. Kwa namba hizo, aina zote tatu za sentensi za sharti zinakaa hapa:

```
if + umbo la 1          ->  will + umbo la 1
if + umbo la 2          ->  would + umbo la 1
if + had + umbo la 3    ->  would have + umbo la 3
```

Usikariri bado. Twende kwanza safari moja, uone kila mstari unazaliwa wapi.

Hatua ya 1: jiulize mlango uko wazi, umerudishiwa au umefungwa

Wewe na dada yako mko Mbagala, mnataka boti ya kwenda Unguja inayoondoka Dar es Salaam saa moja asubuhi. Saa kumi na moja na nusu alfajiri mko bado sebuleni, yeye anatafuta chaja. Unamwambia: "Tukiondoka sasa, tutaiwahi boti." Mlango uko wazi kabisa. Kuondoka kunawezekana, na boti bado ipo.

*If we leave now, we will catch the boat.*

Saa kumi na mbili na nusu mko ndani ya daladala, foleni imesimama Mtoni kwa Azizi Ali. Bodaboda wanapita pembeni. Nyinyi hamna bodaboda, mna mabegi mawili na ndoo ya maembe. Unasema: "Tungekuwa na bodaboda, tungeiwahi boti." Unasema tu. Hali halisi ni kwamba hamna.

*If we had a motorbike, we would catch the boat.*

Saa moja na dakika ishirini mko getini bandarini, na boti inaonekana mbali kama kijiko. Sasa ni lawama: "Tungaliondoka saa kumi na moja, tungaliiwahi boti."

*If we had left at five, we would have caught the boat.*

Hapo mlango umefungwa na ufunguo umetupwa baharini. Hakuna wa kuirudisha saa kumi na moja alfajiri.

Swali la kujiuliza, basi, ni moja kabla ya kugusa kitenzi chochote: jambo hili linaweza kutokea, halitarajiwi au halipo, au limeshapita na haliwezi kubadilika? Jibu lako ndilo linalochagua mstari. Angalizo kwa wasemaji wa leo: wengi wetu tukizungumza tumeziunganisha nge, ngali na ngeli. Mtu anasema "ningejua nisingekuja" akimaanisha jana. Kwa hiyo usitegemee kiungo cha Kiswahili kilichokujia mdomoni, tegemea saa. Kama jambo ni la jana, ni mstari wa tatu, hata kama mdomo wako umesema nge.

Hatua ya 2: andika upande wa "if" peke yake

Wengi huanza na upande wa matokeo kwa sababu ndio wenye uhondo, halafu wanavuta *will* au *would* hadi upande wa pili. Anza na sharti, limalize, kisha uende.

Katika mstari wa kwanza, kosa ni *If we will leave now*. Linatoka wapi? Kiungo -ki- hakitaji wakati. "Tukiondoka" haina jana wala kesho ndani yake. Mtu akifika kwenye Kiingereza anahisi kuna pengo, na kwa kuwa kuondoka ni jambo la mbele, analiziba kwa *will*. Liache pengo. Fikiria kwamba *if* ikishakuwa mbele inafanya kazi ya -ki-, na kitenzi kinabaki mtupu: *if we leave, if she leaves*. Hiyo *s* ya *she leaves* usiisahau. Ni kitenzi cha kawaida cha wakati uliopo, na sheria zake zote zinabaki.

Utakuja kuwasikia Waingereza wakisema *If you will wait here, I will call the manager*, ukadhani nimekudanganya. Hiyo *will* si ya wakati ujao. Maana yake ni "kama utakuwa radhi kusubiri", na ni ya adabu za mapokezi. Iache huko mapokezi mpaka mstari wa kwanza ukukae vizuri.

Mstari wa pili ndio unaowatatiza watu zaidi, kwa sababu umbo la pili la kitenzi tumelijua tangu utotoni kama umbo la jana. *Left* ni jana. Iweje basi nisikie *If we left now*? Jana na sasa katika sentensi moja!

Jibu liko katika lugha yetu wenyewe. Simama dukani jioni usikilize mteja: "Nilikuwa naulizia mkate." Anaulizia sasa hivi, mkate anauona kwenye rafu, lakini kitenzi amekipeleka nyuma. Hakuna anayemjibu "uliulizia lini?" Kila mtu anaelewa kwamba ule wakati uliopita si wa saa, ni wa umbali, ameusogeza kidogo ombi lake lisimkwaruze muuzaji. Kiingereza kinafanya vivyo hivyo upande wa *if*. Umbo la pili pale halisemi jana. Linasema "mbali na hali halisi". Kwa hiyo *If we had a motorbike* maana yake hatuna, na *If I knew her number* maana yake sijui namba yake, leo hii, nikiongea nawe.

Kitenzi *be* kina ukaidi wake: upande huu kinachukua *were* kwa nafsi zote. *If I were you. If the road were clear.* Mtaani utasikia *if I was*, na hakuna atakayekukamata kwa hilo, lakini katika barua ya kazi au mtihani andika *were*.

Mstari wa tatu unarudi nyuma hatua nyingine moja. Kama umbo la pili linatupeleka mbali na leo, basi ili kuwa mbali na jana tunahitaji kitu kilicho nyuma ya jana, nacho ni *had* na umbo la tatu: *If we had left, if I had known, if they had told us.* Hapa ndipo watu huogopa *had had*. *If I had had the money* inaonekana kama kigugumizi cha kibodi, na kikagua tahajia kinaweza kuichora mstari. Ni sahihi. *Had* ya kwanza ndiyo inayorudisha nyuma, na ya pili ni umbo la tatu la *have*. Ukifuta moja unabadilisha maana: *If I had the money* ni leo sina, *If I had had the money* ni siku ile sikuwa nazo.

Hatua ya 3: sasa andika matokeo

Hapa kazi ni nyepesi. Mlango wazi unachukua *will*, mlango uliorudishiwa unachukua *would*, na uliofungwa unachukua *would have* na umbo la tatu. Baada ya *will* na *would*, kitenzi ni cha umbo la kwanza siku zote: *would catch*, si *would caught*. Pasipo uhakika wa matokeo, weka *may* au *can* katika aina ya kwanza, na *might* au *could* katika aina ya pili na ya tatu: *If we had left at five, we might have caught it.* Dada yako akisikia *might* atapoa kidogo, kwa sababu umekubali kwamba foleni nayo ilikuwa na sehemu yake.

Unaweza kutanguliza upande wowote. *If* ikitangulia, weka mkato katikati. Matokeo yakitangulia, mkato hauhitajiki: *We would catch the boat if we had a motorbike.* Vitenzi havibadiliki kwa kuhama.

Hatua ya 4: jaribu kwa kukanusha

Ukimaliza kuandika, geuza sentensi iwe taarifa ya kweli. *If we had a motorbike* inageuka "hatuna bodaboda". Ni kweli? Basi umbo ni sahihi. *If we had left at five* inageuka "hatukuondoka saa kumi na moja". Ni kweli, sawa. Sasa jaribu *If we leave now*. Ukiigeuza, "hatuondoki sasa", huwezi kuapa kwamba ni kweli, kwa sababu bado haijaamuliwa. Hiyo ndiyo alama ya mlango wazi. Sentensi za aina ya pili na ya tatu zinaficha ukweli uliokanushwa ndani yake. Ya kwanza haifichi kitu.

Jaribio hili lilimwokoa mwanafunzi wangu mmoja aliyekuwa ameandika *If I finished my diploma, I would apply for this post*, ilhali diploma anaimaliza mwezi ujao. Aligeuza, akapata "simalizi diploma yangu", akashtuka. Msomaji wa barua ile angeelewa kwamba masomo yamemshinda. *If I finish* ingekuwa afadhali, na kwa mtu mwenye uhakika wa kumaliza, *when I finish* ndiyo hasa.

Pale -ki- isipokuwa "if"

Hapo tumegusa jambo linaloleta ugomvi wa kifamilia. Mama akikwambia "Ukifika Mwanza nipigie," hana shaka kwamba utafika. -Ki- yake ni ya "pindi". Ukimtafsiria mgeni kwa *If you reach Mwanza, call me*, mgeni anasikia kwamba huenda basi lisifike. Sema *When you reach Mwanza, call me*. Kitenzi ni kile kile kitupu, bila *will*. Linalobadilika ni neno la mbele tu. Na "nilimwona akipita" haina sharti lolote ndani yake, *I saw him passing*, basi. Kwa hiyo kila -ki- iulize: hili lina shaka au linasubiri wakati tu?

Ndugu yake ni -sipo-. "Usipolipa" ni *if you don't pay*, au kwa neno moja *unless you pay*. *Unless* imeshameza ukanushi wote. Ukiongeza *don't* juu yake, umekanusha mara mbili na sentensi imepinduka kichwa chini. Mfano wake unakuja.

Ile 'd inayotuchanganya masikioni

Kwenye mazungumzo na kwenye ujumbe wa simu utakutana na hii: *If I'd known, I'd have called you.* Ukiitazama, alama ni moja pande zote mbili, na yule shetani wa nge kwa nge anafurahi. Lakini ni maneno mawili tofauti yaliyokatwa mkia uleule. Angalia kinachofuata. Baada ya *'d* ya kwanza kuna *known*, umbo la tatu, kwa hiyo ni *had*. Baada ya *'d* ya pili kuna *have*, kwa hiyo ni *would*. Ifungue kwa sauti: *If I had known, I would have called you.* Ukishaizoea, utaisikia hata mtu akiongea haraka.

Sikio hilo hilo ndilo linalozaa *would of*. Wenyewe wenye Kiingereza wanaiandika mitandaoni kwa sababu *would've* inasikika hivyo. Usiige.

Sharti la jana linaweza pia kuwa na matokeo ya leo. Hapo chukua upande wa *if* wa mstari wa tatu na matokeo ya mstari wa pili: *If we had left at five, we would be in Zanzibar now.* Hamkuondoka, na sasa hivi mmekaa juu ya mabegi. Kila upande unafuata saa yake.

Ujumbe mmoja, tuusahihishe pamoja

Jamaa mmoja aliniletea simu yake nimwangalizie ujumbe kabla hajautuma kwa mwenye nyumba, mgeni asiyejua Kiswahili. Ulikuwa hivi:

*If I will get my salary on Friday, I will pay everything. If I would have the money now, I would not disturb you. If my boss would have paid us in June, I would have paid you on time. Unless I don't pay by the 15th, you can close the room.*

Sentensi ya kwanza: mshahara wa Ijumaa unawezekana, mlango wazi. Upande wa *if* unaondoa *will*. *If I get my salary on Friday, I will pay everything.*

Ya pili ni ya leo, na hela hana. Jaribu kukanusha: "sina hela sasa", kweli. Rudisha kitenzi hatua moja. *If I had the money now, I would not disturb you.*

Ya tatu ni ya Juni, imepita. Bosi hakulipa. Rudisha hatua mbili. *If my boss had paid us in June, I would have paid you on time.* Ona kwamba upande wa matokeo alikuwa ameupatia tangu mwanzo, hapa na katika sentensi ya pili. Kosa lilikuwa ni kuvuta *would* iingie upande wa pili, nge kwa nge.

Ya nne ndiyo hatari. Alitaka kusema "nisipolipa ifikapo tarehe 15, unaweza kufunga chumba." Alichoandika kinasema mwenye nyumba anaweza kufunga chumba, isipokuwa jamaa akiacha kulipa. Yaani akilipa, afungiwe! Tukaandika *If I don't pay by the 15th, you can close the room*. Nilimshauri aifute kabisa, mtu hajipimii kamba mwenyewe, akakataa, akasema inaonyesha nia njema.

Jibu lilikuja kabla hatujamaliza chai: *If you pay on Friday, there will be no problem.* Akaniuliza kama mzee amekasirika. Nikamwonyesha kitenzi: ameandika *pay* na *will*. Angeandika *If you paid on Friday, there would be no problem*, ningemwambia aanze kutafuta chumba kingine.